Akaunti meneja anaondoka: mambo ya kuweka sawa kabla hujamwambia mteja

Anza na kalenda, imeli itakuja baadae. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na mara nyingi mtu huyo ana siku za likizo hajazichukua, kwa hivyo ukizitoa unapata amebakisha wiki mbili hivi za kukaa ofisini. Kwa sisi watu wa kliaringi hapa Mombasa hio ni shida kweli, manake mzigo unaopakiwa China leo waweza kumaliza wiki tatu nne baharini au zaidi, yaani kontena ambalo mteja alilipanga na huyu anayeondoka litashuka Kilindini yeye hayupo. Ndo maana usingoje wiki ya mwisho. Tarehe ikishajulikana na anayeshika nafasi ameshapatikana, wenye mizigo njiani waambiwe wiki hio hio. Kama hajapatikana, weka hata mtu wa muda, ila awe na jina. Ukimwambia mteja "tutakujulisha" ataanza kupigia ofisi nyengine.

Cha pili, na hapa ndo nataka ukae sana, ni mafaili. Wakae wawili, anayeondoka na anayeingia, wapitie kazi ya mteja moja moja kabla simu haijapigwa. Chukua mfano wa mama anayeleta mitumba, duka lake Kongowea, ana makontena matatu. La kwanza liko bandarini, entri ishaingizwa kwa mfumo wa KRA na ushuru ushalipwa: hilo amalize yule yule aliyeanza, usibadilishe mikono katikati manake siku za bure za bandari zikiisha storeji inaanza kuhesabu na hakuna atakayekubali kosa ni lake. La pili liko baharini: hilo ni la mpya kuanzia leo, na ajue bill of lading orijino iko wapi, kwa mama, kwa benki au bado kwa muuzaji. La tatu lilishatoka zamani na kila mtu kalisahau, lakini depoziti ya kontena bado iko kwa kampuni ya meli, na karatasi ya kuonyesha kontena tupu lilirudishwa iko kwenye droo ya anayeondoka au kwenye simu yake. Hizi depoziti ndo hupotea kwenye makabidhiano, halafu mama anakuja kuuliza pesa yake ofisi nzima inaangaliana.

Alafu muulize anayeondoka waziwazi: umemuahidi nini ambacho hakijaandikwa? Pengine mama hulipa ejensi fii akishauza belo za kwanza, walikubaliana kwa mdomo tu. Bosi aamue kabla ya simu kama hio itaendelea ama la, manake mpya akituma invoisi ya "lipa kabla" hapo mteja umempoteza.

Sasa simu. Apige anayeondoka, kwa namba ile mama anaijua, na mpya awe pale pale kwa spika. Aseme mapema: "Mama, mimi naondoka mwisho wa mwezi, kontena lako la bandarini namaliza mwenyewe, la baharini atalishika huyu dada, niko naye hapa." Sababu ya kuondoka sentensi moja yatosha. Mama atauliza, "Mwanangu, yuwaenda wapi na mzigo wangu bado?" na hapo ndo mpya aingie, asijisifu wala asianze na miaka yake ya kazi, aseme tu kontena lilipakiwa lini, meli yatarajiwa lini na karatasi gani bado. Mteja akisikia mtu anaijua kazi yake bila kuulizwa, anatulia.

Baada ya simu mtumie wasap na imeli siku hio hio, na uandike wazi kwamba namba ya kulipia na akaunti ya benki hazijabadilika. Hii usiiruke kamwe, matapeli hupenda sana wakati kama huu, meseji ya "mimi ndo mpya, tuma hapa" yafanana kabisa na ya ukweli, kwa hivyo mama aambiwe akipata namba mpya ya malipo apige ofisini kwanza.

Namba yenyewe nayo: kama wateja wote wako kwenye laini binafsi ya anayeondoka, tengeneza grupu ya wasap mapema iwe na mteja, mpya na bosi, na mazungumzo ya mzigo yahamie huko akiwa bado yupo. Wiki mbili baada ya yeye kuondoka angalia nani amenyamaza kwenye grupu na mzigo wake unakaribia. Huyo bado anampigia yule wa zamani, ama ameshapata ofisi nyengine, kwa hivyo usimtumie meseji, bosi ampitie dukani na mpya wakiwa na faili mkononi.