Somo: Tarehe ya kurudi kliniki pale dozi zinapotakiwa kupishana wiki nne

Nimekaa kwenye meza ya chanjo miaka tisa, zahanati ya kijijini huku Newala, na malalamiko mengi ninayoyapokea hayahusu sindano. Yanahusu tarehe. Mama kalipa bodaboda, mtoto mgongoni, kafika saa mbili asubuhi, anaambiwa "bado siku mbili". Au mbaya zaidi: hakuna aliyehesabu, mtoto kachomwa kabla ya wakati, na dozi ile haihesabiki.

Nitatumia penta, ile sindano ya pajani inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ratiba yetu ni mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kati ya dozi moja na nyingine zisipungue wiki 4, yaani siku 28. Angalia neno "zisipungue". Zikizidi kuna hasara yake, tutaifikia, lakini dozi haiharibiki. Zikipungua ndipo pana tatizo: mwili bado unashughulika na dozi ya kwanza, seli za kumbukumbu hazijakomaa, na sindano ya pili inayokuja kuziamsha inakuta hakuna wa kuamka vizuri.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe sindano ilipoingia kweli

Kwenye kadi ya mtoto kuna tarehe za aina mbili. Ipo ya miadi, ambayo sisi huandika kwa penseli, na ipo ya siku aliyochomwa, kwa kalamu ya wino. Unahesabu kutoka kwenye ya wino. Makosa mengi niliyoyaona yanaanzia hapa, kabla hata ya hesabu.

Hatua ya 2: Ongeza siku 28

Siku ya sindano ni sifuri, kesho yake ndiyo moja. Ukiianza siku yenyewe kama moja utaangukia siku ya 27.

Huna haja ya kuhesabu kwa vidole. Kama mwezi aliochomwa una siku 31, nenda mwezi unaofuata halafu punguza tatu. Kama una siku 30, punguza mbili. Februari ya kawaida hupunguzi kitu: 3 Februari 2026 inakwenda 3 Machi. Februari ya siku 29 unapunguza moja.

Mfano: sindano 5 Agosti 2025. Agosti ina siku 31, kwa hiyo 5 Septemba toa tatu, ni 2 Septemba. Aliyechomwa mwanzoni kabisa mwa mwezi anarudi mwezi huo huo, tarehe 1 Agosti inakuwa 29 Agosti. Watu hushtuka wakiona hivyo, lakini ndivyo.

Hatua ya 3: Ihakiki kwa siku ya wiki

Hii ndiyo ninayoipenda, maana haihitaji karatasi. Siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo aliyechomwa Jumanne anarudi Jumanne. 5 Agosti 2025 ilikuwa Jumanne, na 2 Septemba ni Jumanne. Ukipata Jumatatu, umekosea, rudia.

Hatua ya 4: Siku hiyo kukiwa hakuna huduma, sogea mbele tu

Mtoto aliyechomwa Jumanne 16 Septemba 2025 miadi yake iliangukia 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Anaandikiwa siku ya chanjo inayofuata. Hairudishwi wiki ya nyuma "ili asicheleweshwe".

Sasa twende na mtoto mmoja mpaka mwisho

Nimwite Somoe, silo jina lake. Alizaliwa Jumanne 24 Juni 2025. Wiki 6 zilitimia 5 Agosti, akapata penta ya kwanza siku hiyo hiyo. Kadi ikaandikwa kwa penseli miadi yote miwili: 2 Septemba, na 30 Septemba. Hesabu zote sawa.

Septemba korosho zimeanza kudondoka. Mama yake akahamia shambani kuokota, ile 2 Septemba ikapita. Akaja Jumanne 23 Septemba, wiki tatu nyuma ya ratiba, ananyata kama anayekwenda kugombezwa. Akapata penta ya pili. Hapo ndipo watu wawili walitaka kukosea kwa pamoja. Mama akauliza kama tunaanza upya kutoka dozi ya kwanza. Na mwanafunzi wetu wa mazoezi, kalamu mkononi, akaona penseli inasema 30 Septemba, akamwambia "haya mama, wiki ijayo".

Hatuanzi upya. Dozi ya 5 Agosti imeshafanya kazi yake, kumbukumbu ipo mwilini, inasubiri tu kuongezewa. Na 30 Septemba ilikuwa imekufa tangu mama alipokosa miadi ya pili, kwa sababu kutoka 23 Septemba ni siku saba tu. Tunahesabu upya kutoka kwenye wino: 23 Septemba, mwezi wa siku 30, toa mbili, ni Jumanne 21 Oktoba. Tukafuta penseli, tukaandika 21/10. Alikuja, akamaliza.

Hasara ya kuchelewa ni nini basi? Ni zile wiki tatu ambazo mtoto mchanga alikaa na kinga ya dozi moja. Kifaduro ndicho kinachonitisha hapo, kwani humwelemea zaidi mtoto mdogo kabisa. Kwa hiyo siku 28 zikitimia, usikae.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Salumu, Tandahimba: Dada nesi, mimi nimeambiwa kwa mdomo tu "rudi baada ya mwezi". Nikifuata tarehe ileile ya mwezi unaofuata nitakuwa nimewahi?

Hapana mama Salumu, hutawahi. Hakuna mwezi wa kalenda wenye siku chini ya 28. Utakachopata ni kuchelewa siku mbili tatu na kuangukia siku isiyo ya chanjo. Wa 5 Agosti angekuja 5 Septemba, Ijumaa, na kama kwenu wanachoma Jumanne tu, arudi tena tarehe 9. Nauli mara mbili.

Babu wa Kivinje: Sisi huku tunahesabu mwezi mwandamo. Mjukuu kachomwa siku ya tano tangu mwezi uandame, arudi siku ya tano ya mwezi mwandamo unaofuata?

Shikamoo babu. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, kwa hiyo hawahi, yuko salama. Ila siku ya wiki itapishana, naomba muulize zahanati inachoma lini.

Mhudumu wa jamii, Nachingwea: Kijiji chetu kinapata huduma ya mkoba, yaani wachanjaji wanatufuata kijijini, tarehe 10 ya kila mwezi. Septemba walikuja Jumatano tarehe 10. Oktoba gari likapatikana mapema, wakaja Jumanne tarehe 7. Watoto wote wa Septemba wakapanga foleni. Ilikuwa sahihi?

Umeuliza swali zuri sana ndugu yangu. Kutoka 10 Septemba hadi 7 Oktoba ni siku 27. Wamekosa siku moja. Miadi yao ilikuwa kuanzia 8 Oktoba. Mkoba unaopangwa kwa tarehe ni mtego kila unapowahishwa kabla ya siku yake. Ushauri wangu, wapangieni kwa siku ya wiki, mathalani Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Kutoka Jumanne ya kwanza hadi Jumanne ya kwanza nyingine ni siku 28 au 35, haiwezi kupungua. Na kwenye kadi andikeni "kuanzia 8/10", neno hilo moja linazuia mengi.

Mama Nuru, Lindi mjini: Nilikuwa safarini. Mwanangu alipata penta ya kwanza 19 Agosti, nikaenda kliniki ya huko nilikofikia 9 Septemba, wakamchoma ya pili. Nimehesabu nimepata siku 21. Nimelia.

Usilie mama Nuru, hajadhurika. Dozi ya ziada haimuumizi kuliko homa na paja kuvimba kama kawaida. Ila ile ya 9 Septemba haihesabiwi kuwa ya pili, inabidi irudiwe. Na hapa wengi huhesabu kutoka 19 Agosti, wakasema arudi 16 Septemba. Sivyo. Hata dozi iliyowahi inahitaji kupishwa, kwa hiyo anza na 9 Septemba: toa mbili, ni Jumanne 7 Oktoba. Hiyo ndiyo ya pili. Ya tatu ni Jumanne 4 Novemba. Nenda na kadi, mwonyeshe muuguzi tarehe zote mbili, usiifiche ile ya mapema.

Mama Nuru: Na kama ingekuwa siku 26 au 27, wangerudia pia?

Wenzetu Marekani wana msamaha wa siku 4, dozi iliyoingia siku ya 24 au zaidi wanaihesabu. Lakini huo ni wa kuamulia dozi iliyokwisha kuingia. Haupangii mtu miadi. Mimi nikipanga naandika 28.

Kaka wa takwimu, Masasi: Nina rejesta kwenye Excel. Nilitumia EDATE kuongeza mwezi mmoja. Nibadilishe?

Badilisha. EDATE inakupa tarehe ileile ya mwezi unaofuata, matatizo yaleyale ya mama Salumu. Kama tarehe ya sindano iko A2, andika hivi tu:

```
=A2+28
```

Jaribu kwanza kwa 5/8/2025. Ikitoka 2/9/2025 uko sawa. Ikitoka 6/5/2025, kompyuta yako inaanza na mwezi, imesoma 8 Mei. Rekebisha mpangilio wa tarehe kwanza, la sivyo rejesta nzima itakudanganya. Ikitoka #VALUE!, umeandika tarehe kwa nukta na imeichukua kama maneno.

Baba mtarajiwa, Mikindani: Mke wangu kapata sindano ya pepopunda kliniki ya wajawazito, 12 Agosti. Naye ni wiki nne nne mpaka ziishe?

Ya pili ndiyo, isipungue wiki 4: toa tatu, ni Jumanne 9 Septemba, na ni vizuri iwe imeingia angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Baada ya hapo wiki nne zimeisha kazi. Ya tatu inasubiri miezi 6 kutoka ya pili, ya nne mwaka mmoja kutoka ya tatu, ya tano mwaka mwingine. Kwa hiyo ile kadi asiitupe akishajifungua. Nimewaona wengi wanaanza moja kila mimba kwa sababu kadi ya mtoto wa kwanza ilifungiwa karanga.