Nani Analeta Bolti? Mambo ya Kupanga kabla Makandarasi Wanne Hawajakutana kwenye Pampu Moja

Kituo cha kusukuma maji, hata kiwe kidogo, mara nyingi kina makandarasi wanne: wa majengo, wa mitambo anayeleta pampu, wa bomba la nje na wa umeme. Kila mmoja anaijua kazi yake. Kasoro hujificha pale kazi ya huyu inapoishia na ya yule inapoanzia, maana hapo kila mtu hudhani mwenzake ndiye mhusika. Basi kabla zege halijamwagwa, wekeni michoro ya wote wanne juu ya meza moja na muuandike kila mpaka kwa kutaja kitu kinachoshikika kwa mkono: flenji, uso wa zege, tamino za mota. Maneno kama "hadi karibu na pampu" yafuteni, kwa kuwa hayampi mtu kazi.

Anzeni na msingi. Mkandarasi wa mitambo atoe mchoro wa msingi uliothibitishwa na mtengenezaji, pamoja na bolti za nanga na kiolezo cha bati chenye matundu yake. Wa majengo azifunge kwenye nondo na kumwaga zege. Vipimo vichukuliwe mara mbili, kabla ya kumwaga na zege likishakauka, na wote wawili watie saini, kwa sababu mtetemo wa vaibreta huweza kuzisogeza bolti zilizokuwa sawasawa asubuhi. Uso wa zege uachwe chini kwa milimita 25 hadi 50 ili grauti ipate nafasi chini ya fremu ya pampu. Fundi aliyepewa kimo cha mwisho tu atapiga zege mpaka juu, na baadaye ni patasi na nyundo. Grauti yenyewe husahaulika kwa kila mtu: haimo kwenye bei ya majengo wala ya mitambo. Sisi tungempa wa mitambo, kwani humiminwa baada ya yeye kusawazisha fremu, na ikimiminwa vibaya ni usawa wake utakaoharibika.

Mpaka wa bomba ndio unaotaka muda zaidi. Chukulia bomba la kipenyo cha milimita 200. Aliyeleta pampu ana flenji ya PN16. Wa bomba kanunua PN10. Ukizitazama zinafanana: upana wa nje ni milimita 340 kwa zote, na duara la matundu ni 295 kwa zote. Ila PN10 ina matundu 8 na PN16 ina 12. Zikiwekwa kama kawaida, matundu yakigawanyika sawa pande mbili za mstari wa katikati, hakuna hata tundu moja linalokutana na mwenzake. Kwa kipenyo cha 150 aina hizo mbili zinaingiliana bila shida, na hapo ndipo mtu hujengewa imani ya uongo. Kwa hiyo andikeni kiwango cha flenji, si kipenyo peke yake, na andikeni nani analeta gasketi, bolti na nati. Tungependekeza awe yule anayefika wa pili kwenye kiungo, kwani ndiye anayekifunga.

Jambo la pili hapo ni uzito. Bomba likae kwenye egemeo lake lenyewe, na flenji zikutane zenyewe kabla ya kufungwa. Fundi akivuta bomba kwa bolti ili kuziba pengo, nguvu hiyo huingia kwenye mwili wa pampu na kuipotosha shafti. Beringi hupata moto na sili huanza kuvuja. Njia ya kulijua hilo ni rahisi: fundi wa mitambo aweke dayogeji kwenye kapulingi wakati wa bomba anakaza. Sindano ikisogea zaidi ya milimita 0.05, bolti zilegezwe na bomba lirekebishwe. Lazima wote wawili wawepo saa hiyo hiyo, hivyo tarehe iwekwe kwenye ratiba mapema.

Kwa umeme, mpaka uwe kwenye tamino za mota. Wa umeme alete kebo, glandi na lagi. Wa mitambo amwambie mapema ukubwa wa matundu ya sanduku. Mwelekeo wa mzunguko hujaribiwa kapulingi ikiwa imefunguliwa, kwani kuna pampu ambazo impela yake imekazwa kwa nyuzi na hulegea ikizungushwa kinyume. Anayefungua kapulingi na kuirudisha ni wa mitambo, anayewasha ni wa umeme. Kati ya hatua hizo mbili swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi wa mitambo mpaka atoe mikono yake kwenye shafti.