Somo: Mama ananyonyesha na yuko kwenye dawa ya sonona, tunaamuaje?

Tuchukue mama wa kilo 60. Mtoto wake ana wiki sita, alizaliwa miezi ikiwa imetimia, na ana afya njema. Mama anatumia sertralini miligramu 100 kwa siku na ametulia. Aliwahi kuiacha, sonona ikarudi vibaya. Sasa nyumbani wanamwambia achague: dawa au ziwa.

Hatua ya 1: historia ya mama. Ameugua mara ngapi? Alipoacha dawa ilikuwaje? Aliwahi kufikiria kujiua? Wengi wetu hurukia maziwa kwanza, na mimi naona hapo ndipo ushauri unapoharibika. Huyu ameshaonyesha kinachotokea akiacha.

Hatua ya 2: hesabu ya maziwa. Mtoto hunyonya takriban mililita 150 kwa siku kwa kila kilo yake. Tuseme lita moja ya maziwa ina maikrogramu 50 za dawa: kila kilo ya mtoto inapata maikrogramu 7.5. Mama anapata maikrogramu 1,667 kwa kilo. Ukigawanya unapata kama asilimia 0.45. Chini ya asilimia 10 kwa kawaida hukubalika, mradi mtoto ni mzima na si njiti.

Hatua ya 3: uamuzi. Aendelee, kwa dozi ileile. Akibadilishiwa, mtoto atakutana na dawa ya pili, na hatujui kama itamfaa mama. Kupunguza dozi "kidogo tu" ndiko kubaya zaidi: mtoto bado anapata dawa, mama hapati tiba.

Hatua ya 4: kumwangalia mtoto. Uzito kila kliniki. Akilala mno, akinyonya kwa ulegevu au akilia bila kutulia, aletwe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, akamue na kumwaga baada ya kumeza?*
Hapana. Dawa anayomeza kila siku iko damuni saa zote, na kiasi chenyewe ni kidogo. Utamchosha bure.

*Na aliyetumia fluoksetini mimba nzima?*
Hukaa mwilini muda mrefu, hivyo nisingeichagua kwa anayeanza leo. Kama ndiyo inayomshika, abaki nayo, mtoto aangaliwe kwa karibu zaidi.

*Dada, wangu ana baipola, anatumia lithiamu.*
Hapo mizani inageuka. Lithiamu mara nyingi huvuka ile asilimia 10, na mtoto akiharisha au kutapika hujikusanya mwilini mwake. Kunyonyesha kunahitaji daktari wa akili na wa watoto waafikiane, pamoja na vipimo vya damu ya mtoto: kiwango cha lithiamu, figo na tezi ya shingo. Vipimo visipopatikana, ningeshauri maziwa ya kopo na lithiamu iendelee. Kuiacha ghafla baada ya kujifungua kunaweza kumrudishia ugonjwa kwa kasi, hata saikosisi.