Moshi wa tanuru la matofali: kupata kiasi kinachofaa na kodi yake

Chukua tanuru za matofali ya kuchoma pembezoni mwa Dodoma. Mchomaji analipia kuni, maji na vibarua. Moshi halipii. Anayelipa ni jirani aliye upande upepo unakoelekea: anafua nguo upya, anampeleka zahanati mtoto anayekohoa.

Namba hizi nimezitunga ili hesabu isitusumbue. Q ni maelfu ya matofali kwa wiki. Nyingine zote ni shilingi kwa tofali la mwisho, siyo jumla wala wastani.

```
Thamani kwa mnunuzi:  P = 400 - 2Q
Gharama ya mchomaji:  G = 100 + Q
Madhara ya moshi:     M = Q
```

Hatua ya 1: soko likiachwa lenyewe. Weka P = G. Unapata Q = 100, yaani matofali 100,000, kila moja shilingi 200.

Hatua ya 2: mwingize jirani kwenye hesabu. Gharama ya jamii ni G + M, yaani 100 + 2Q. Ilinganishe na 400 - 2Q, upate Q = 75. Angalia kwamba hatukufika sifuri. Watu wanajenga, na tofali la 40,000 bado lina thamani ya 320 huku likiigharimu jamii 180 tu, moshi ukiwemo. Tunayoyakata ni yale 25,000 ya mwisho. La mwisho kabisa lilikuwa na thamani ya 200 na gharama ya 300. Pengo kati ya gharama na thamani ni sifuri kwenye tofali la 75,000 na hukua hadi 100 kwenye hilo la mwisho, kwa hiyo hasara yote ni pembetatu: ½ × 25,000 × 100, shilingi 1,250,000 kwa wiki.

Hatua ya 3: kodi. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Wanapima madhara pale soko lilipo sasa, Q = 100, wanatoza shilingi 100. Jaribu uone: 400 - 2Q = 200 + Q inatoa Q kama 66.7, tumebana kupita kiasi. Madhara hupimwa pale tunapotaka kufika, Q = 75, kwa hiyo kodi ni shilingi 75 kwa tofali.

Hakiki: 400 - 2Q = 175 + Q, Q = 75. Mnunuzi sasa analipa 250, mchomaji anabaki na 175. Kwa hiyo katika zile 75, mnunuzi kabeba 50 na mchomaji 25, hata kama risiti ya kodi ina jina la mchomaji.

Kodi ya aina hii hupewa jina la Pigou, mchumi Mwingereza aliyeifafanua mwaka 1920. Udhaifu wa hii yetu ni kwamba inahesabu matofali, haihesabu moshi. Mchomaji akiboresha tanuru lake moshi ukapungua nusu, bado atalipa 75 zilezile, kwa hiyo hana sababu ya kuingia gharama hiyo. Kodi ingekaa kwenye moshi wenyewe angekuwa nayo, ila hapo lazima awepo mtu wa kuupima kila tanuru linapowashwa.