Duka linataka ubaki na salio lao? Hivi ndivyo unavyodai hela yako irudi kwenye simu uliyolipia

Nimekaa kaunta ya duka la vifaa vya umeme hapa Mtwara mjini miaka mingi, marejesho yalikuwa yanapita mikononi mwangu, kwa hiyo haya nayaandika kwa jinsi duka linavyofikiri.

Tuchukue mfano wa dada wa Masasi kanunua brenda mjini, 185,000, kalipa kwa Lipa Namba, kafika nyumbani inawaka dakika mbili inanuka kuungua. Anarudi dukani wanamwambia "dada, hela yako ipo, utachagua kitu kingine, au ukija tena tutakukatia". Yeye hana cha kuchagua, na nauli ya kurudi tena ni yake. Huyo ana haki ya kudai hela. Ila kama brenda ni nzima na umebadili mawazo tu, hapo salio la dukani ni hisani yao, omba kwa upole na usitishie mtu.

Hatua ya kwanza fanya ukiwa bado nyumbani. Piga picha risiti ya EFD leo leo, maana ile karatasi ikikaa kwenye pochi na joto la huku kwetu maandishi yanafifia mpaka inabaki nyeupe, halafu tafuta ule ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala uuhifadhi usiufute. Chukua na video fupi ya kitu kikigoma. Na acha kukitumia, ukiendelea kukitumia wiki nzima watasema umeshakikubali.

Pili, nenda na kitu chenyewe na boksi lake, ongea na mwenye duka au meneja. Kijana wa kaunta mara nyingi hana ruhusa ya kutoa hela hata akikuonea huruma. Salimia vizuri halafu sema moja kwa moja: "Bosi, hii imeharibika, sihitaji kitu kingine, naomba 185,000 irudi kwenye namba ileile niliyolipia." Taja kiasi na taja namba, ukisema tu "naomba mnisaidie" ndo unapewa salio.

Watakuja na sababu mbili. Moja, risiti imeshafika TRA. Ni kweli imefika, lakini marejesho yana utaratibu wake kwenye hesabu zao na hiyo ni kazi ya mhasibu wao, wewe wape risiti ubaki na picha. Ya pili ni yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi". Kwa bidhaa mbovu hayo hayakufungi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kifae kwa kazi yake. Sema hivyo mara moja bila kufoka.

Hapa ndo wengi wanapopotea: wanaletewa karatasi ya salio wanasaini ili waondoke. Usisaini. Ukisaini umekubali malipo ya namna nyingine na kesho ukidai hela wanakuonyesha sahihi yako.

Wakisema mzigo wa pesa upo kwa bosi Dar, sawa, lakini andikiana nao hapohapo kwa WhatsApp:

"Leo nimerudisha brenda, risiti namba fulani, muamala namba fulani. Tumekubaliana 185,000 irudi kwenye namba niliyolipia kabla ya Ijumaa jioni. Sijapokea salio wala bidhaa mbadala."

Wajibu "sawa" ndo uache kitu, tena wakupe karatasi ya kukipokea. Kama ulilipa kwa simu ya kaka yako sema mapema, maana hela itarudi kwake, na duka lenye akili halitumi kwenye namba nyingine kwa sababu hapo ndo wizi wa wafanyakazi unapopitia. Ulilipa nusu keshi nusu simu? Keshi irudi keshi, ya simu irudi kwenye simu. Ada ya kutuma ni yao, ifike 185,000 kamili.

Wakisema wametuma, usiamini picha ya ujumbe. Piga *150*00# kama ni M-Pesa uangalie salio lako mwenyewe.

Jambo moja usifanye: kupigia mtandao ukidai ulikosea namba. Huduma ile ni ya kukosea kweli, na duka likionyesha risiti yako unaonekana muongo kwenye madai yote.

Ijumaa ikipita kimya, watumie ujumbe uleule na uongeze kwamba Jumatatu unapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ukiambatanisha risiti, muamala, video na mazungumzo yenu. Malalamiko yenye vitu hivyo vinne yanasomeka bila wewe kueleza sana, na mwenye duka akishaona umevipanga hivyo mara nyingi anatuma kabla Jumatatu haijafika.