Somo: Kusawazisha hewa na maji baridi, na kuandika ripoti inayosema ukweli

Wakuu, leo tuchukue kiyoyozi kimoja kikubwa chenye difyuza nne na koili moja ya maji baridi. Ukielewa hiki, jengo zima ni kurudia tu.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha vichujio vya hewa ni safi na dampa zote, pamoja na zile za moto, ziko wazi. Nimewahi kupoteza siku nzima nikisawazisha mfereji wenye dampa ya moto iliyojifunga, na vipimo vyote nikavifuta.

Hatua ya 1: Pima kama ulivyokuta. Usiguse kitu. Kila difyuza ilisanifiwa kutoa lita 500 kwa sekunde, jumla 2000. Tulikuta hivi: A 600, B 450, C 350, D 300. Jumla ni 1700. Andika namba hizi kwenye safu yake na usizifute hata baada ya kurekebisha, kwa sababu ndizo zitakazoeleza kwa nini ulibana dampa fulani.

Hatua ya 2: Geuza lita kuwa asilimia ya usanifu. A 120, B 90, C 70, D 60. Hapa difyuza zote zina usanifu sawa, lakini mara nyingi hazilingani, na ndiyo maana tunafuata asilimia. D ndiyo dhaifu kuliko zote. Dampa yake inabaki wazi kabisa mpaka mwisho.

Hatua ya 3: Sawazisha kuanzia kwa dhaifu. Bana C kidogo kidogo huku ukipima C na D kwa zamu. Hewa unayoinyima C sehemu yake inahamia D, kwa hiyo zinakutana katikati, karibu asilimia 64. Kisha bana B mpaka ilingane na C. Ukiishusha B, C na D zinapanda pamoja, na uwiano wao haubadiliki. Malizia na A. Sisi zote nne zilitulia asilimia 82, yaani lita 410 kila moja. Jumla imeshuka hadi 1640 kwa kuwa kubana kunaongeza upinzani. Usiogope.

Hatua ya 4: Sasa ndipo uguse feni. Hewa hufuata kasi moja kwa moja. Feni ilikuwa hezi 40, hivyo 40 ukigawa kwa 0.82 unapata karibu 49. Umeme, kwa upande wake, hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kilowati 2.0 zikawa kama 3.6. Mota ni ya kilowati 4, inabeba, lakini pima ampea na uziandike. Vipimo vya mwisho: 505, 500, 490, 485. Jumla 1980, asilimia 99.

Hatua ya 5: Maji, baada ya hewa. Joto linalopanda ndani ya koili linategemea hewa inayopita juu yake, ndiyo maana maji yanasubiri. Usanifu ni lita 2.0 kwa sekunde, yakiingia nyuzi 7 na kutoka 12: 2.0 × 4.19 × 5, karibu kilowati 42. Tulipima lita 1.3 tu, vali ya kusawazisha ikiwa wazi yote, na maji yakitoka nyuzi 14. Hiyo ni kilowati 38.

Tazama vizuri hapo. Maji ni asilimia 65, lakini ubaridi ni asilimia 91. Aliyepima joto la chumba peke yake angesema kila kitu kiko sawa.

Tukapima shinikizo kabla na baada ya chujio la maji: tofauti ilikuwa kilopaskali 45. Tulipolifungua tulikuta mabaki ya kulehemu na nyuzi za uzi wa kufungia mabomba. Baada ya kusafisha, maji yakafika 2.3. Tukabana vali mpaka 2.05, tukafunga kizuizi chake na kuandika namba ya mizunguko ya mkono.

Kwenye ripoti, mstari wa koili unasomeka: usanifu 2.0, kama ilivyokutwa 1.3; sababu, chujio kuziba; marekebisho, limesafishwa na vali imebanwa; kama ilivyoachwa 2.05, asilimia 102.5.

Maswali

*Mkuu, kwa nini usingeongeza kasi ya feni tangu mwanzo mpaka D itoshe?*
Kutoa D kwenye 60 hadi 100 kungehitaji kasi mara 1.67, yaani hezi 67. A ingefika asilimia 200 na kelele zake, na umeme ungekuwa mara 4.6: kilowati 9 kwenye mota ya 4.

*Kwa nini hamkuacha maji kwenye 2.3? Si ubaridi ungezidi?*
Ungezidi kidogo sana. Maji hayo ya ziada yananyang'anywa koili nyingine, na yanarudi kwenye chila kabla hayajabeba joto la kutosha. Koili kumi zikifanya hivyo, pampu inachoka na chila haifikii uwezo wake.

*Fundi, mimi difyuza ya mwisho inatoa asilimia 30 tu. Nibane zote ziifuate?*
Hapana. Hiyo ni hitilafu, isawazishwe baada ya kutibiwa. Fungua dari uangalie mfereji laini unaoishia kwenye difyuza. Mara nyingi umekunjwa kwenye kona au umebanwa na trei ya nyaya. Ukiunyoosha, anza upya hatua ya 1 kwa tawi hilo, maana asilimia za majirani zake nazo zitakuwa zimehama.