Kupanga visahani kwenye mkanda wa shiti: upana wa mkanda, pichi, na idadi ya vipande kabla hujakata

Wakuu habari za kazi. Kuna dogo aliniuliza akiwa na dai, yaani kile kifaa cha kwenye presi chenye tundu la kukatia, ya visahani vya milimita 60, shiti moja nzima ya futi 8 kwa 4 itamtolea vipande vingapi, nikaona nimjibu hapa kwa urefu maana swali hili linajirudia sana. Wengi huwa wanachukua eneo la shiti wanagawa kwa eneo la kisahani, wanampa mteja bei, halafu kwenye presi vipande vinakuwa pungufu kwa zaidi ya robo na wanaanza kumshuku kijana aliyekata.

Kazi yenyewe ni visahani vya kuziba juu ya nguzo za fensi. Bomba la inchi 2 kwa nje ni kama milimita 60.3, kwa hiyo kisahani cha 60 kinakaa juu vizuri na kinabaki na nafasi ya kuchomelea. Shiti ni nyeusi ya geji 16, yaani 1.5 mm. Shiti tunaikata mikanda kwanza, kisha kila mkanda tunaulisha kwenye presi ya umeme kwa mkono, hakuna roli.

Hatua ya 1: Pima shiti yako, usiamini futi

Duka linakwambia 1220 kwa 2440, lakini futi 4 kamili ni 1219.2 na futi 8 ni 2438.4, na nyingine zinakuja na kona iliyopinda kidogo au ukingo uliojikunja kwa kubebwa vibaya. Chukua futi ya mkanda, pima upana sehemu tatu, ile ndogo kuliko zote ndiyo unayopigia hesabu. Unene upime kwa vania, maana geji 16 ya duka hili na ya duka lile zinaweza kutofautiana na kila kitu huko mbele kinatoka kwenye unene. Mimi hapa nitatumia 1220, 2440 na 1.5 ili hesabu isomeke kirahisi.

Hatua ya 2: Amua daraja na ukingo

Daraja ni kile chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu, ukingo ni kinachobaki kati ya tundu na upande wa mkanda. Ni skrapu, ndiyo, lakini ndiyo skrapu inayofanya kazi, kwa sababu ndiyo inayoushika mkanda ubaki mgumu wakati unausukuma, na ndiyo inayofanya panchi, ile sehemu inayoshuka kuingia ndani ya dai, ikate pande zote kwa nguvu sawa.

Kwa shiti za kati ya 0.8 na 3.2 mm mafundi wa dai huanza na daraja sawa na unene wa shiti, kwa hiyo hapa ni 1.5. Kwa vile tunalisha kwa mkono naongeza nusu milimita, daraja linakuwa 2. Ukingo kanuni yake ni unene ukijumlisha asilimia moja na nusu ya upana wa kipande: 1.5 + 0.9 inakuja 2.4, tuseme 2.5.

Ukibana sana utaona mwenyewe, hata bila kupima. Daraja linavutwa kuingia ndani ya dai pamoja na kisahani, linajisokota, mkanda unakataa kusogea. Kisahani chenyewe kinakuwa na makali marefu upande mmoja na upande wa pili laini, kwa sababu upande wenye chuma chembamba haukukatwa, ulivutwa ukararuka. Ukiendelea hivyo panchi inasukumwa pembeni kila pigo na makali yake yanakwisha upande mmoja, na kuinoa panchi gharama yake ni kubwa kuliko hiyo nusu milimita uliyokuwa unaokoa.

Hatua ya 3: Upana, pichi, idadi

Fomula ni tatu tu. D ni kipenyo cha kisahani, b ni daraja, e ni ukingo, L ni urefu wa mkanda:

```
W = D + 2*e
P = D + b
N = INT((L - W) / P) + 1
```

W ni upana wa mkanda, P ni pichi yaani umbali mkanda unaosogea kila pigo, N ni idadi ya visahani kwenye mkanda mmoja. Hiyo +1 mwishoni ndiyo watu wanaisahau, kisahani cha kwanza hakihitaji pichi, kinahitaji nafasi yake na ukingo wa mbele na nyuma tu, ndiyo maana tunatoa W kwanza halafu kinachobaki ndio tunakigawa kwa pichi.

Kwa kazi yetu W = 65 na P = 62. Mkanda wa urefu wa 2440: toa 65 inabaki 2375, gawa kwa 62 unapata 38.3, desimali tupa, jumlisha 1, visahani 39. Upana wa shiti 1220 ukigawa kwa 65 ni 18.77, yaani mikanda 18. Jumla 39 × 18 = 702.

Sasa geuza, kata mikanda mifupi ya 1220. Kila mkanda unatoa 19, na 2440 kwa 65 inakupa mikanda 37, jumla 703. Kisahani kimoja zaidi kwa mikato zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hapo wengi wanachagua upande mrefu wanaondoka.

Hatua ya 4: Angalia kinachobaki, hapa ndipo pesa ilipo

Usikimbilie kukata bado. Rudi kwenye ile 18.77. Mikanda 18 ya 65 inakula 1170, kinabaki kipande cha 50 mm chenye urefu wa shiti nzima ambacho hakitoi hata kisahani kimoja. Umekosa mkanda mzima kwa milimita 15 tu. Jiulize, ili nipate mikanda 19 kila mkanda uwe na upana gani? 1220 gawa kwa 19 ni 64.2. Kwa hiyo mkanda wa 64 unaingia mara 19, unakula 1216 na zinabaki 4.

Mkanda wa 64 maana yake ukingo ni 2 badala ya 2.5. Inawezekana? Kwa duara, ndiyo, kwa sababu duara linaukaribia upande wa mkanda kwa nukta moja tu kisha linaondoka, chuma kinanenepa haraka kushoto na kulia kwake. Kwa kipande chenye upande ulionyooka unaokwenda sambamba na mkanda nisingethubutu. Ila kuna sharti, reli za kuongozea mkanda zisiwe na uhuru zaidi ya milimita 1, na kijana awe anaubana mkanda kwenye reli ya nyuma muda wote. Mkanda ukihama nusu milimita ukingo unashuka hadi 1.5, na huo ni mwisho, chini ya hapo usiende.

Idadi kwa mkanda inabaki 39, hivyo 39 × 19 = 741. Ni visahani 39 zaidi kwa kila shiti, kwa kupunguza milimita moja ya upana! Shiti yenyewe ina kilo kama 35 na kisahani gramu 33, kwa hiyo chuma kinachotumika kimetoka asilimia 67 hadi 70. Na ukijaribu upande mfupi kwa 64 unapata 38 × 19 = 722, kwa hiyo sasa upande mrefu ndio unashinda kabisa. Mpangilio mmoja ukibadilika rudia pande zote mbili, jibu linaweza kugeuka. Visahani bapa havijali upande chuma kilikovutwa kiwandani, lakini kama kipande kitakunjwa baadaye basi mwelekeo unaamuliwa na mkunjo, siyo idadi.

Tahadhari moja, hesabu hii ni ya mashine ya kukatia shiti, ile inayokata kama mkasi bila kula chuma. Kama unakata kwa grenda diski ya 1 mm inakula angalau 1 mm kila mkato, mikato 19 ni 19 mm, na wewe ulikuwa na 4 za ziada. Rudi kwenye 18.

Hatua ya 5: Weka stopa

Pichi ya kwenye karatasi haina maana kama stopa imekaa pengine. Mkanda ukisogea mbele, ukuta wa nyuma wa tundu lililokatwa ndio unaogonga pini. Katikati ya tundu hilo iko 62 kutoka katikati ya panchi, toa nusu kipenyo 30, uso wa pini unaoguswa unakaa 32 kutoka katikati ya panchi. Lakini mdomo wa dai unaishia 30, kwa hiyo ukitoboa tundu la pini hapo unabaki na ukuta wa milimita 2 ambao utapasuka. Ama utumie pini yenye kichwa kipana ambayo shina lake linakaa mbali, ama usogeze pichi moja mbele, 94, pini ikae kwenye tundu la pili. Ukifanya hivyo, visahani viwili vya mwanzo vya kila mkanda vinahitaji stopa ya kidole ya kuanzia.

Kata mkanda mmoja wa majaribio matundu 11, pima kutoka ukuta wa nyuma wa tundu la kwanza hadi ukuta wa nyuma wa tundu la 11. Inatakiwa 620. Ikisoma 618 daraja lako ni 1.8, linavumilika. Ikisoma 630 pichi ni 63, na hapo mkanda wa 2440 unatoa 38 badala ya 39, umepoteza 19 kwa shiti na usingejua kwa macho.

Safu mbili, je?

Kama oda ni kubwa, panga safu mbili, za pili zikikaa kwenye mabonde ya za kwanza. Umbali kati ya safu ni 62 × 0.866 = 53.7, upana wa mkanda 60 + 53.7 + 4 = 117.7, kata 118. Upande mrefu: mikanda 10, kila mmoja 39 na 38, jumla 770. Upande mfupi: mikanda 20 ya visahani 38, na baki ya 80 inatosha mkanda mmoja wa 64 wenye 19, jumla 779.

Ni 38 zaidi ya 741, lakini lazima mkanda upite mara mbili, uugeuze, na uwe na stopa ya pili ya kuanzia iliyohama nusu pichi. Kuweka panchi mbili kwa pamoja kunaondoa kugeuza, ila kisahani kimoja cha 60 kwa 1.5 kinataka kama tani 10 kukatika, viwili tani 20, na presi nyingi za mtaani ni za 15 au 16. Kwa shiti tatu nne mimi nabaki na safu moja ya 64. Kuanzia shiti kama 30 hivi naanza kufikiria safu mbili.